Kadi ina salio lakini inakataa: limiti ya mwaka, limiti ya maisha, na namna ya kuhesabu siku bima itakapokoma

Jioni moja ya Aprili nilikuwa barazani kwa mjomba wangu, eneo la Chikongola, hapa Mtwara mjini. Alikuwa ametoka kusafishwa damu mchana, amechoka, mkono wenye plasta ameulaza juu ya mto. Akanipa simu nisome ujumbe kutoka kampuni ya bima anayolipiwa na mwajiri wake: salio la mwaka, shilingi 17,900,000. "Tupo salama, mpwa wangu," akasema. "Hela hii inatufikisha Juni, na Julai wanatujazia tena milioni hamsini."

Hesabu yake ya Juni ilikuwa sahihi. Ya Julai haikuwa sahihi, na si kosa lake, kwa sababu ule ujumbe ulimwambia habari ya kikomo kimoja wakati mkataba wake ulikuwa na viwili. Usiku ule tulitoa makaratasi yote kwenye bahasha ya kaki tukaanza kusoma. Mwongozo huu umetokana na kazi tuliyoifanya kuanzia jioni hiyo hadi Septemba. Nimeuandika kwa kufuata mfano wa ugonjwa wa figo wa mjomba, kwa kuwa dayalisisi, yaani kule kusafishwa damu kwa mashine, ni tiba yenye gharama inayojirudia bila kupumzika, na hapo ndipo tofauti ya limiti hizi mbili inapoonekana wazi. Mwenye saratani inayorudi, au mwenye damu isiyoganda, anaweza kufuata njia hiyohiyo kwa takwimu zake. Za mjomba nimezisogeza kwenye namba za mviringo ili zifuatike.

Fedha moja inapunguza vikomo viwili

Limiti ya mwaka ni kiasi cha juu ambacho bima italipa ndani ya mwaka mmoja wa mkataba. Mwaka huo si lazima uanze Januari. Kwa mjomba ulianza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa kuwa ndivyo mwajiri alivyosaini. Ukifika mwisho, hesabu inafutwa na unaanza upya. Kilichobaki hakihamii mwaka unaofuata.

Limiti ya maisha ni kiasi cha juu ambacho bima hiyo italipa kwako tangu siku ulipoingia hadi siku utakapotoka, hata ikiwa ni miaka ishirini. Haifutwi Julai wala mwezi mwingine wowote. Kila shilingi wanayolipa hospitalini inapunguza limiti zote mbili kwa wakati mmoja.

Fikiria nyumba yenye ndoo jikoni na tangi uani. Kila Julai ndoo inajazwa, na ukiangalia ndoo peke yake unaona maji yapo. Lakini ndoo hiyo inajazwa kutoka kwenye tangi, na tangi halipati mvua. Ujumbe wa simu ulikuwa unapima ndoo.

Kwa mtu mwenye afya, limiti ya maisha ni mstari asioufikia kamwe. Malaria mara mbili kwa mwaka, jino, hata upasuaji wa ngiri, vyote havigusi tangi kwa namna ya kuonekana. Ndiyo maana wakati wa kusaini hakuna anayeuliza. Mwajiri anauliza limiti ya mwaka ni kiasi gani, na wafanyakazi wanaangalia kama miwani na meno vimo.

Hatua ya kwanza: jua mkataba wako una limiti ya maisha ya aina gani

Usitafute kwenye kadi, wala kwenye kile kijitabu chenye picha za familia inayocheka. Omba jedwali la mafao, ile karatasi inayoonyesha kila huduma na kiasi chake, pamoja na mkataba wenyewe. Kwa bima ya kazini vitu hivi vinakaa kwa afisa rasilimali watu, au kwa dalali wa bima aliyeuunganisha mkataba. Mjomba alikuwa na bima ile miaka sita na hakuwahi kuliona jedwali hilo. Alipewa kadi tu.

Mikataba mingi ya bima binafsi hapa kwetu huonyesha limiti ya mwaka kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Ya maisha, ikiwepo, mara nyingi haiko hapo. Iko kwenye mstari wa magonjwa sugu, au wa kupandikiza viungo, au kwenye maelezo madogo chini ya jedwali. Afisa akikutamkia "laiftaimu", anazungumzia hiyo.

Ukiipata, soma inahusu nini. Inaweza kuwa ya mwanachama mzima, maana yake kila tiba inahesabiwa, hata mafua. Inaweza kuwa ya ugonjwa mmoja: figo zina kikomo chake, na ukivunjika mguu hiyo ni hesabu nyingine. Au inaweza kuwa ya huduma moja, kama kupandikiza figo mara moja tu kwa kiasi fulani. Ya mjomba ilikuwa ya ugonjwa mmoja: shilingi 100,000,000 kwa kila ugonjwa sugu, katika muda wote wa uanachama. Limiti ya mwaka ilikuwa 50,000,000.

Angalia pia kama limiti ya mwaka ni ya mtu mmoja au ya familia nzima kwa pamoja. Ikiwa ni ya familia, dayalisisi ya baba inakula nafasi ya kujifungua ya mama na homa za watoto, na utaishiwa ndani ya mwaka kabla hata ya kufikiria tangi. Kwa mjomba ilikuwa ya mtu mmoja.

Jambo la pembeni. Mtandaoni utakuta maandishi mengi yanayosema limiti za maisha zimepigwa marufuku. Hayo yanahusu Marekani, ambako sheria ya mwaka 2010 ilizuia limiti za maisha kwa huduma za msingi, na zile za mwaka zikafuata mwaka 2014. Mkataba uliosainiwa Mtwara hausomwi kwa sheria ya kule. Soma wa kwako.

Hatua ya pili: omba barua ya salio la maisha

Ujumbe wa simu hautoshi, na jibu la mdomo halitoshi. Andika barua au barua pepe, ipitie kwa afisa rasilimali watu ili mwajiri naye ajue. Yetu ilikuwa fupi:

*"Mimi ni mwanachama namba … ninayetibiwa figo. Naomba kujulishwa kwa maandishi: (1) limiti ya maisha inayonihusu ni kiasi gani na inahusu ugonjwa upi, (2) hadi sasa kimetumika kiasi gani, na hesabu hiyo inaishia huduma za tarehe ngapi, (3) orodha ya madai yote yaliyohesabiwa kwenye limiti hiyo, kila moja na tarehe, hospitali, kiasi na msimbo wa ugonjwa, (4) madai yaliyopokelewa lakini hayajalipwa."*

Swali la pili lina sehemu mbili, na sehemu ya tarehe ndiyo watu wanayoisahau. Hospitali haipeleki bili kila siku. Inakusanya za mwezi mzima, inazituma, kisha bima inazikagua. Kwa hiyo salio unalosomewa leo linaweza kuwa la miezi miwili iliyopita. Kwa mtu wa dayalisisi miezi miwili ni fedha nyingi: kwa mjomba ilikuwa milioni sita na laki sita. Ukidhani unazo, kumbe umeshazitumia.

Ucheleweshaji huo una madhara mengine mabaya zaidi. Tangi linaweza kukauka katikati ya Desemba bila mtu yeyote kuona, kadi ikaendelea kukubaliwa hadi Januari, halafu bima ikakataa bili za wiki hizo. Hospitali itamgeukia mgonjwa. Hapo unadaiwa deni la huduma uliyopata ukiamini imelipwa.

Barua ilijibiwa baada ya wiki tatu na kukumbushwa mara mbili. Ilisema: hadi huduma za tarehe 31 Machi, kimetumika 72,100,000. Imebaki 27,900,000.

Mjomba aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo ile hamsini ya Julai haipo," akasema. Ipo kwenye karatasi, nikamjibu, lakini hatuwezi kuifikia.

Hatua ya tatu: jenga hesabu yako mwenyewe tangu mwanzo

Usikubali jumla bila kuijenga. Chukua daftari, rudi hadi siku ya kwanza ya ugonjwa. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mjomba alianza dayalisisi Oktoba, miezi mitatu baada ya mwaka wa mkataba kuanza. Hadi Juni ni wiki 39, mara tatu kwa wiki, jumla mara 117. Kila mara moja bima ilikuwa inalipa 200,000, hivyo ni 23,400,000. Juu yake kuna dawa na vipimo: sindano za kuongeza damu, madini ya chuma, dawa za presha, vipimo vya damu vya kila mwezi. Hivyo vilikuwa wastani wa 700,000 kwa mwezi, jumla 6,300,000 kwa miezi tisa. Alipougua mara ya kwanza alilazwa na kuwekewa katheta, mrija wa muda shingoni, 6,500,000. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mshipa mkononi ili mashine ipate njia ya kudumu, 3,800,000. Jumla ya mwaka wa kwanza: milioni 40 kamili.

Tazama mwaka ule ulivyoonekana kwenye simu. Limiti ya mwaka 50, imetumika 40, imebaki 10. Familia ilifurahi kwamba hata mwaka mgumu wenye kulazwa na upasuaji haukuzidi. Hizo milioni kumi zilipotea Juni 30. Na tangi lilikuwa limeshuka kutoka 100 hadi 60.

Mwaka wa pili hakukuwa na upasuaji, lakini ulikuwa na miezi yote 12. Mara 156 kwa 200,000 ni 31,200,000. Dawa na vipimo 8,400,000. Jumla 39,600,000, yaani 3,300,000 kila mwezi. Februari alilazwa siku tano, 2,400,000. Kwa hiyo hadi Juni ingekuwa 42,000,000, bado chini ya hamsini, na tangi lingebaki na 18,000,000.

Sasa gawanya. Milioni 18 kwa milioni 3.3 ya kila mwezi ni miezi mitano na nusu. Kuanzia Julai, hiyo inaishia katikati ya Desemba. Siku hiyo simu ya mjomba ingesema salio la mwaka ni 32,000,000, na dirisha la bima hospitalini lingesema kadi imekataa. Zote mbili zingekuwa zinasema kweli.

Hiyo tarehe ndiyo unayoitafuta. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kisha kila mwisho wa mwezi toa matumizi ya mwezi huo kwa bili za hospitali, si kwa ujumbe wa simu. Omba nakala ya bili kila unapotia saini fomu ya bima. Watu wengi hutia saini fomu ikiwa haina kiasi. Usifanye hivyo, subiri wajaze.

Hatua ya nne: kagua kila dai kama kweli ni la ugonjwa huo

Hatua hii ilitupatia mwezi mzima wa dayalisisi, na sikutegemea.

Limiti ya mjomba ilikuwa ya ugonjwa wa figo tu. Bima inajua ugonjwa kwa msimbo, yaani herufi na namba ambazo hospitali inaandika kwenye fomu. Figo sugu ni msimbo unaoanza na N18. Malaria ziko kati ya B50 na B54. Tulipopata orodha ya madai, lile la Februari la 2,400,000 lilikuwa limeandikwa N18. Lakini Februari mjomba alilazwa kwa malaria kali. Nilikuwepo, nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Muuguzi aliyejaza fomu alimjua kama mgonjwa wa figo, akaandika msimbo aliouzoea.

Tulirudi hospitali tukaomba muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, ambao ulisema malaria, pamoja na majibu ya maabara. Daktari akaandika barua ya kusahihisha msimbo. Tukapeleka vyote bima. Walichukua muda lakini walirekebisha: dai likahamia kwenye matibabu ya kawaida, na limiti ya figo ikarudishiwa 2,400,000. Hizo ni dayalisisi 12, sawa na wiki nne.

Lazima niseme mpaka wa jambo hili. Usimwombe daktari abadilishe msimbo wa jambo ambalo kweli limetokana na figo. Maji kujaa mapafuni kwa sababu ya kukosa dayalisisi ni figo, na katheta kuingia vijidudu pia ni figo. Kudanganya kwenye dai kunaweza kufuta uanachama wote. Unachokagua ni makosa, na makosa yapo ya kutosha. Angalia pia dayalisisi zilizoandikwa mara mbili kwa tarehe moja, na siku ambazo mgonjwa hakwenda lakini bili ipo. Daftari lenye tarehe zake ndilo shahidi.

Bima ikikataa kusahihisha na una karatasi zako, waandikie rasmi kwanza na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na jibu, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nao watakuuliza kwanza uliandika nini na ulijibiwa nini.

Hatua ya tano: tafuta njia nyingine tangi likiwa bado na maji

Baada ya masahihisho, makadirio yetu ya Julai yakawa 20,400,000 badala ya 18,000,000, na tarehe ikasogea hadi wiki ya kwanza ya Januari. Tulikuwa mwezi wa Mei. Miezi saba na ushee ya kujipanga. Aliyegundua Desemba anapata wikendi moja, kwa sababu mgonjwa wa dayalisisi akikosa siku chache potasiamu na maji vinapanda mwilini na moyo unaweza kusimama.

Kwa hiyo nianze na lile lisilofaa kufanywa. Tulimkuta mzee mmoja wa Mikindani, jirani wa kitanda cha mjomba, ambaye alikuwa ameanza kwenda mara mbili badala ya tatu ili fedha zake zifike mbali. Hakumwambia daktari. Alivimba miguu, akawa hapumui vizuri usiku, mwisho akalazwa siku nane. Gharama ya kulazwa ilizidi alichokuwa amekiokoa. Idadi ya kusafishwa inaamuliwa na daktari kwa vipimo na mkojo uliobaki.

Njia iliyotufaa ilikuwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3, na pamoja na mwenza wake anaweza kusajili wategemezi wasiozidi wanne, wakiwemo wazazi. Mfuko hauendi kwa tangi la fedha kama bima ya mjomba. Unaenda kwa kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na masharti ya kila moja. Bado una mipaka, na kitita hubadilishwa, hivyo uliza ofisi ya Mfuko kuhusu tiba yako hasa kabla ya kuutegemea.

Hapa tulikutana na jambo linalotugusa sisi watu wa Kusini. Mimi ni mwalimu, na kwa mila zetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, mjomba ndiye mzazi mwenye uzito. Yeye ndiye aliyenisomesha. Lakini fomu haimjui mjomba. Inajua baba, mama, mwenza na mtoto. Nilikaa ofisini pale na cheti changu cha kuzaliwa na sikuweza kumsajili. Aliyeweza ni mwanawe, mwalimu wa sekondari Newala, na hakuwa amefikiriwa na mtu kwa sababu kwetu mgonjwa anauguzwa na wapwa. Tulimpigia usiku huohuo. Nafasi zake nne zilikuwa na watoto watatu, hivyo imebaki moja. Kama zingekuwa zimejaa, tungekuwa na maamuzi mengine magumu. Kaeni kikao cha ukoo mapema mwulizane nani ni mtumishi, na nafasi zake zimekaaje.

Karatasi zilizohitajika zilikuwa za kuthibitisha uzazi, na jina la mjomba kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe halikufanana na la kitambulisho cha taifa. Moja liliandikwa Saidi na jingine Saidi Hamisi. Kiapo cha mahakamani kikatatua, lakini kilikula wiki kadhaa. Hili ni kawaida sana huku kwetu, hivyo linganisha majina siku ya kwanza kabisa.

Njia nyingine ni mwajiri. Kabla ya mkataba kuhuishwa, mwombe aulizie kupandishwa kwa limiti ya maisha, na aulize kwa maandishi kama nyongeza itawahusu waliokwisha kuugua. Mara nyingi nyongeza inawahusu wapya tu. Mwajiri akitaka kuhamia kampuni nyingine ya bima, kwa kawaida hesabu ya maisha inaanza sifuri huko, na hilo linaonekana kama mkombozi. Lakini kampuni mpya itauliza magonjwa yaliyokuwepo, na inaweza kuweka muda wa kusubiri au kiasi kidogo kwa ugonjwa huo. Ukiwa na mashine mara tatu kwa wiki, kusubiri miezi sita hakuna maana. Afisa apate barua inayosema wagonjwa waliopo wanapokelewa bila kusubiri, ndipo asaini. Na kumbuka kadi ya kazini inaisha na kazi. Mwenye likizo ndefu ya ugonjwa aulize mapema kadi inadumu hadi lini.

Kupandikiza figo nako kuulizwe mwanzoni. Muhimbili ilianza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Si kila mgonjwa anafaa, ndugu wa kutoa figo lazima alingane, na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo zinamezwa maisha yote, nazo zinahesabiwa. Ila mwisho wa mwaka wa kwanza mjomba alikuwa na milioni 60 kwenye tangi. Swali hilo lingeulizwa wakati ule lingekuwa na jibu la fedha. Hatukuliuliza, na linaniuma.

Asiye na mtumishi kwenye ukoo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali anakosafishwa, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kuomba msamaha wa gharama au nafuu. Aende kabla kadi haijakoma, kwa kuwa uchunguzi wao nao una hatua. Wenye korosho wana jambo la ziada la kupanga: malipo ya minada huingia kati ya Oktoba na Desemba kupitia vyama vya msingi. Tarehe yako ya kukauka ikiwa Januari, fedha ya msimu isiende kwenye bati na sherehe za jando kabla ya kutenga angalau mwezi mmoja wa dayalisisi. Kwa mfano wetu ni 3,300,000.

Kadi mbili mkononi

Kadi ya Mfuko ilitoka Septemba. Kabla ya kuitumia tulithibitisha kwamba kitengo cha dayalisisi kinaipokea na kwamba fomu ya idhini ya mjomba imepita. Kisha tukahamisha kusafishwa damu kwenye kadi hiyo kuanzia Oktoba 1, na ile ya kazini tukaiacha kwa mambo ya figo ambayo kitita hakigusi. Kwa kila kitu tunauliza dirishani kwanza: hiki kinaingia kadi ipi?

Mwisho wa Septemba daftari lilisoma hivi: Julai 3,300,000, Agosti 3,300,000, Septemba 3,300,000, limebaki 10,500,000. Mjomba ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake ameandika tarehe ya kuomba barua nyingine ya salio, Januari 5, kwa sababu bili za Septemba zitakuwa zimeshafika huko na tutaona kama hesabu yao inalingana na yetu.